Marehemu Yuko Likizo

Shoga, acha kila kitu usome. Mume wangu amejifungia chooni!

Alifungua barua pepe yake ya zamani kutafuta nywila. Akakuta ujumbe wa rafiki yake Kipara, yule tuliyemzika mwaka juzi. Hakuwahi kuujibu: "Bwana mkubwa! Jumamosi naja kwako, uwepo, nisije nikapiga soga na mlango! Hahaha!"

Roho ikamuuma. Akaandika: "Samahani nimechelewa. Karibu sana."

SHOGA. MAREHEMU AKAJIBU. Papo hapo!

"Niko likizo. Nikirudi nitakutafuta."

NITAKUTAFUTA!! Mume wangu akaikimbia simu, na simu yenyewe anayo mkononi!

Nikamwambia mlangoni: baba, hilo jibu linajituma lenyewe. Kipara aliliwasha alipokwenda likizo, hakuweka tarehe ya mwisho, na akaunti yake hakuna aliyeifunga.

Kumbe anaandika tena! Safari hii hakujibiwa. "Mama watoto, kaninunia!"

Nikamwambia hajanuna mtu. Ukishajibiwa mara moja, mtambo hukunyamazia mpaka zipite siku nne.

Sasa katoka, macho mekundu. Unajua kasema nini?

"Siku nne nitangoja. Mwenzangu aliningoja mpaka akafa."