Bati Halivuji?

Majengo, Dodoma
Mwezi wa tisa

Mama yangu,

Shikamoo. Goti linasemaje? Baridi ya Njombe imelegea, au bado unalala na soksi? Mimi mzima, kazi ya kupiga chapa inaendelea, na vumbi la Dodoma tunagawana wote bila ubaguzi. Ila mama, kaa chini kwanza, nina kisa.

Mwenye nyumba wangu ni Mzee Ndahani, Mgogo mpole kupita kiasi. Anaona haya hata kutamka neno kodi. Kila tarehe mosi anakuja mlangoni, anakohoa, anauliza, "Mwanangu, bati halivuji?" Mwezi wa nane, mama! Dodoma hii, ambako mvua tunaisubiri mpaka karibu na Krismasi! Wapangaji wenzangu wanajua maana yake, wanatoa hela, yeye anaandika kwenye daftari. Mimi mgeni, ile miezi mitatu niliyotanguliza ilipokwisha, nilimjibu, "Halivuji mzee, asante." Akaenda zake. Kesho yake: "Hata kidogo?" Nikasema hata tone. Na hela ninayo mkononi! Naona ni utovu wa adabu kumsukumia mtu mzima hela ambayo hajaiomba. Tulizungushana siku nne, mpaka jirani yangu Mama Salome, muuza karanga, aliponifungua macho.

Sasa, yuko Juma, anayepiga video za harusi. Alitaka kichekesho cha dakika saba, kionyeshwe kwenye banda la video kabla ya filamu. "Rehema, wewe una mashine ya chapa, andika. Siku ya kodi. Mwenye nyumba awe mkali, ana fimbo, mpangaji ajifiche uvunguni." Nikaandika. Nikasoma, mwenyewe sikucheka hata kidogo. Nikachana, nikaandika ya bati, mzee anakuja na ngazi kulikagua.

Lakini nyumba ni ya mzee, na aibu ingekuwa yake. Akinuna, ningemtazamaje? Nikampelekea karatasi. Akavaa miwani, akasoma. Mwisho akasema, "Huyu mzee simjui." Nikanyoosha mkono niichukue karatasi yangu. Mara akagonga karatasi kwa kidole. "Ila ngazi umeileta mapema. Siku ya kwanza aulize tu. Ya pili aje na ndoo ya kukingia maji. Watu wakidhani amekata tamaa, ndipo aje na ngazi." Loh! Kumbe fundi ni yeye! Akaongeza, "Na huyo mzee nacheza mimi."

Tulirekodi Jumapili uani. Juma hana mtambo wa kukata na kuunga picha, kwa hiyo tulipiga kwa mfuatano, na tukikosea anarudisha mkanda nyuma, tunarekodi juu yake. Betri ni moja, basi kila tukio tulilifanyia mazoezi mara tatu kamera ikiwa imezimwa. Tulibadilisha nguo ili zionekane siku tatu. Mzee maneno aliyashika yote, shida yake ilikuwa kamera. Kila akipita mbele yake anaiitikia kwa kichwa kama jirani. Mwishoni mimi mpangaji napiga kelele, "Mzee, shuka, kodi hii hapa!" Naye kutoka juu ya bati: "Sikufuata kodi, mwanangu. Ila kwa kuwa umeitaja mwenyewe..." Akashuka ngazi mbio, nikasahau kuigiza kwa kuogopa ataanguka.

Banda lilijaa. Ndoo ilipotokea walicheka, ngazi ilipotokea mbavu ziliwauma. Mzee mwenyewe alicheka mpaka akavua miwani. Wiki nzima sokoni akipita ni "Mzee, bati halivuji?" naye anapunga mkono, raha tupu.

Mimi ndiyo nikaanza kukosa raha. Mama, mzee yule alikuwa na maneno matatu tu ya kudaia haki yake bila kumwaibisha mtu, na mimi nimeyatangaza mji mzima. Sasa atasemaje? Tarehe mosi nikamsikia anakuja. Akasimama. Akakohoa. Akatazama bati, akaacha haraka. Nikaona anateseka, nikataka kulia. Kumpa tu nilishindwa, ningekuwa kama namwambia najua hawezi kuomba.

Akakohoa tena. "Mwanangu," akasema taratibu, "panya hawakusumbui?"

Nilikimbia kuchukua hela, mama, ndala moja ikabaki mlangoni.

Msalimie baba mdogo na cherehani yake, na bibi, mwambie ugoro wake naukumbuka. Dada akijifungua salama mniandikie haraka.

Halafu mama, katika barua yako umeniuliza mara mbili kama Dodoma nako vitenge vimepanda bei. Juzi nilikuwa nakujibu bei. Leo nimeelewa. Kitenge anacho dereva wa lori la nafaka, kimefungwa kwenye gazeti, kina maua mekundu.

Mwanao mzito wa kuelewa,
Rehema