Neno Moja la Bi Somoe

Dada Mwanahawa, shikamoo. Baridi ya Songea inauma. Madukani siku hizi kumejaa mablanketi ya kila rangi, ila sina wa kumuuliza lipi zuri.

Jana nilikuta karatasi mlangoni, ya mama mwenye nyumba wangu, Bi Somoe. Yeye alisoma chuo cha Kurani tu, kwa hiyo Kiswahili hukiandika kwa herufi za Kiarabu. Lilikuwa neno moja: herufi be yenye irabu ya dhumma, na lamu yenye kasra. Nikasoma "buli". Kumbe anadai buli lake nililoazima! Nikalirudisha nimenuna, hata hodi sikupiga.

Likarudi limejaa chai ya tangawizi.

Ndipo nikasoma upya. Kiarabu hakina p, kwa hiyo yeye huweka be. Dhumma ni u, na ni o pia. Kasra ni i, na ni e pia. Aliandika "pole". Amesikia kwamba baba yetu amefariki.

Watu hujibu "nimeshapoa". Nilichukua kalamu, nikaandika kwa be yake: "Asante mama. Sijapoa."

Nawe pole, dada. Usinijibu kwamba umeshapoa.

Mdogo wako,
Hamisi