Muhogo ulioko ng'ambo

Mjukuu wangu Aziza,

Hapa Kindu tuko wazima, shangazi yako anakusalimia. Unauliza kwa nini watu wanapiga miayo ukiwasomea shairi lako.

Wakati wa vita, mkubwa wa askari alifunga kivuko, na mashamba yetu yako ng'ambo. Nikaandika ombi refu. Mama yangu akalisikiliza, akaniuliza: "Baba, unasoma ao unakimbia?"

Nikakata mistari, kila mmoja utoshe pumzi moja. Kila baada ya mitatu nikarudia: "Muhogo unaoza ng'ambo," kisha nikanyamaza. Mbele ya mkubwa, mara ya tatu, wamama tuliokwenda nao wakausema wenyewe. Nikamalizia: "Kesho watoto watakula nini?"

Nilitaka kuongeza shukrani. Mama akanivuta shati: "Ikala!"

Nikakaa.

"Vukeni," mkubwa akasema.

Shukrani nilizitoa tukiwa ndani ya mtumbwi.

Babu yako