Hotuba ya Kiprono

Mjukuu wangu Nekesa,

Hapa Molo tuko salama, ila baridi imemshika nyanya yako magoti. Unaniuliza utawaambia nini waliofiwa kwenye mkutano wenu wa maombolezo.

Miaka ya hamsini mwenzetu Kiprono alifukiwa na mawe machimboni Gilgil. Kambi ilikuwa na watu wa kila dini, nami nikachaguliwa kuandika hotuba. Katekista alinikumbusha kwamba Yesu alilia kabla ya kumfufua Lazaro. Jirani Mwislamu akanipa maneno ya dini yake: sisi ni wa Mungu, na kwake tutarejea. Mzee wa Kipsigis akaniambia wafu hurudi: mtoto akizaliwa, akina mama humtajia majina ya marehemu wa ukoo, na akipiga chafya jina fulani likitajwa, jina hilo ni lake.

Niliisoma hotuba siku ya tatu baada ya maziko, haraka haraka, nifike kwenye matumaini. Mamake Kiprono akanikatiza: "Kijana, keti kwanza." Nikaketi kando yake. Alilia mpaka jua likazama.

Mwaka uliofuata mke wa ndugu yake Kiprono alijifungua, na mtoto akapiga chafya kwa jina la Kiprono. Mamake Kiprono akaniita.

"Ile karatasi bado unayo? Sasa soma."

Pale pa Yesu kulia, Nekesa, safari hii sikupita haraka.

Babu yako