Mzee, Kuja Tuangalie Mvua

Mzee Tonui,

Chamgei. Najua hutaitikia, lakini wewe ndiwe uliyeniambia kwamba msichana wa Kisii anayeanza kazi bila salamu hata hesabu zake hazikubali. Kwa hiyo nimesalimu.

Nimekaa barazani, upande wako, karibu na ile nguzo uliyoichakaza kwa bega. Mvua ya mchana imeanza kushuka kutoka upande wa msitu na wachumaji wa chai wanakimbia na vikapu mgongoni. Nimekuja kukuita, Mzee. Nina neno lako, na sikutaka ulisikie mbele ya watu.

Kwanza habari. Tangu tukuzike nimepewa kazi yako, lakini kiti chako bado kiko wazi. Hakuna aliyethubutu kukikalia. Kipng'eno, aliyekuwa hapendi hata kukuazima kalamu, sasa anakifuta vumbi kila asubuhi kabla hajaenda kwenye mizani ya kiwanda. Na kuna jambo jingine, ambalo sijamwambia mtu. Mvua ikianza kugonga mabati, nasikia rula yako ikiwekwa mezani. Tak. Halafu kimya, kama ulivyokuwa ukinyamaza kabla ya kuvuta mstari. Nilidhani ni majonzi yangu tu, mpaka siku moja nikamwona Kipng'eno naye ameinua kichwa. Tulitazamana, kila mtu akarudi kwenye kazi yake.

Shiti yako ya mwisho, ile karatasi ya kilo za mwezi, iko ukutani. Unaikumbuka, ile uliyoipigia mistari ukiwa kitandani, kifua kikikubana, sinia imewekwa chini ya karatasi? Chelangat, binti yako, aliileta imefungwa kwa kitambaa safi. Mwezi ulipoanza wewe hukuwepo. Meneja aliibandika mwenyewe, akasema tangu leo kila shiti itafuata hii, kwa sababu Mzee hakukosea. Watu wazima walilia pale ofisini, na mimi nikiwa mmoja wao.

Hapo ndipo palipo na shida, Mzee. Ulikosea.

Acha nikueleze polepole, kama ulivyokuwa ukinieleza mimi.

Wewe ulitufundisha kuandika majina ya vituo mara mbili, kushoto na tena mwisho wa kulia, kwa sababu shiti ni pana na jicho likisafiri mbali linapotea njia. Makarani wa majani wanajaza upande wa kushoto: kilo walizopima kwa wakulima kituoni. Kipng'eno anajaza upande wa kulia: kilo alizopima lori lilipofika kiwandani. Mimi naketi katikati, natoa moja kwa nyingine, naandika tofauti. Tofauti ndogo ni kawaida, majani hukauka kidogo njiani. Ikiwa kubwa, karani wa kituo anaulizwa majani yamekwenda wapi.

Sasa, upande wa kushoto uliandika mstari wa saba Darajani, wa nane Kanisani. Upande wa kulia ukaandika wa saba Kanisani, wa nane Darajani. Ni hivyo tu. Majina mawili yamebadilishana viti.

Kipng'eno hakukosea, alifuata majina ya upande wake. Makarani hawakukosea. Mimi nilitoa hesabu kwenye mstari mmoja kama kawaida. Kwa hiyo siku moja Darajani walipima mia sita na arobaini, na kiwanda, kwa mstari ule, kikasoma mia sita kumi na mbili. Kilo ishirini na nane zimepotea! Kanisani walipima mia sita kumi na nane, kiwanda kikasoma mia sita thelathini na tatu. Kilo kumi na tano zimezaliwa njiani. Ungezirudisha kwa wenyewe, Darajani wamepungukiwa saba na Kanisani sita, jambo la kila siku. Lakini nani angejua? Nilijumlisha kwenda chini, nikajumlisha kwenda kulia, nikazungusha mkono wa ile mashine ya kujumlisha mara mbili, na jumla zikakutana pale pembeni bila hata kilo moja kutofautiana. Ukibadilisha viti vya watu wawili, idadi ya watu chumbani haibadiliki. Tulikuwa tumeiamini ile pembe kama neno la Mungu.

Na binadamu, Mzee, haulizi kilichozidi. Kanisani walitaniwa tu, eti majani yao yanaongezeka kama ile mikate na samaki. Karani wao akacheka, akakubali baraka. Lakini Darajani walikopungukiwa, ah, huko maneno yalianza.

Karani wa Darajani ni Njoroge. Unamjua, yule mrefu kutoka upande wa Nyeri, ambaye wewe ndiwe uliyemwombea kazi. Wiki ya kwanza watu walitilia shaka mizani yake. Wiki ya pili walisema anauza majani usiku. Wiki ya tatu hawakusema Njoroge tena, walisema "hawa watu", yaani wote wa kwao Nyeri. Mke wake alienda kisimani, wenzake wakanyamaza. Nilinyamaza pia, kwa sababu hesabu ilikuwa yangu na hesabu ilikuwa inakubali. Meneja alimwambia aje kikaoni Jumatatu inayofuata na ufunguo wa mizani. Wote tulijua mtu akiitwa na ufunguo, harudi nao.

Kisha Alhamisi mto ukafurika. Lori halikuvuka, Darajani hawakupima hata jani moja. Maji yalipopungua Njoroge akaja, akaandika kistari kushoto. Lakini nilipofika kulia mwa mstari huohuo nikakuta kilo mia sita na zaidi zimepokelewa kiwandani. Na Kanisani, waliopima vizuri kabisa, kiwanda hakikupokea kitu. Nikasema moyoni, majani hayana miguu. Nikavuta kidole changu polepole mpaka mwisho wa karatasi, nikasoma jina. Nikarudi kushoto, nikasoma jina. Rula yako ikasikika. Mvua ilikuwa haijaanza, Mzee. Nakuapia haikuwa imeanza.

Niliogopa. Si wewe niliyekuogopa, niliogopa mdomo wangu. Ningeweza kusimama palepale na kusema, na Njoroge angekuwa huru kabla ya chai. Lakini ofisi ilikuwa imejaa, Chelangat amekuja kuchukua kofia yako, na shiti imebandikwa ukutani kama picha ya harusi. Aibu ya maiti aijuaye mwosha. Mimi nilikuwa mwosha, na maji yako mkononi.

Ndipo nikakumbuka siku yangu ya kwanza kukosea. Tulikuwa tumetoka kwenye ratili kuingia kwenye kilo, nami nikaacha kituo kizima kwenye ratili. Uliona. Hukusema kitu mezani. Uliweka nukta ndogo ya penseli kando ya tarakimu, ile penseli yako ngumu isiyoonekana mpaka uinamishe karatasi, ukatoka nje. Baadaye ukachungulia mlangoni: "Nyaboke, kuja tuangalie mvua." Hapa barazani hukuniambia nimekosea. Uliniuliza, "Hii namba ya tano, ulipima na nini?" Nikajiona mwenyewe. Nikarudi, nikasahihisha kwa mkono wangu, nikaweka herufi za jina langu. Hakuna aliyejua. Na hakuna ambaye angeweza kujua, maana ulikuwa unawaita hata wasiokosea. Kipng'eno ulimwita mara ngapi, mnasimama, mnatazama, kisha unamwambia, "Leo hakuna kosa. Ni mvua tu." Nilifikiri ni uzee. Kumbe ulikuwa unaificha aibu ya mmoja ndani ya matembezi ya wote.

Nikafanya hivyo. Nilimwita Kipng'eno kwanza, tuangalie mvua, nikamwuliza lori la Alhamisi lilitoka wapi. Alifikiri, akasema lilitoka Kanisani, akashika kichwa. Halafu nikamwita Meneja. Unajua hapendi kulowa, lakini alikuja. Sikumwambia Mzee amekosea. Nilimwuliza mstari wa saba unaanza na nani na unaishia na nani. Akaingia ndani, akasimama mbele ya ukuta, akarudi polepole sana. Akasema yale uliyokuwa ukisema wewe: "Kosa ni ya karatasi. Si ya mtu." Kisha akasema Njoroge asilale na hofu hata siku moja zaidi, na akampelekea habari jioni ileile.

Lakini habari ya siri haimsafishi mtu aliyechafuliwa hadharani. Kwa hiyo Jumatatu, mbele ya wote, Meneja alisema: ofisi imesoma mstari wa saba na wa nane vibaya, tofauti zote za vituo hivyo viwili zimehesabiwa upya, Darajani hawakupoteza kitu, na ofisi inamwomba Njoroge radhi. Alisema "ofisi". Karani wa Kanisani akapoteza baraka zake, watu wakamcheka. Ufunguo ukabaki mfukoni mwa Njoroge.

Yeye anajua, Mzee. Alitazama ukuta, akasoma majina pande zote mbili, akavua kofia. Jumamosi iliyofuata nilimwona shambani kwako akimsaidia mama watoto wako kuchuma.

Nimepiga mistari ya shiti mpya. Nilisema ile ya zamani imechakaa kwa vidole, na ni kweli. Sikufuta kitu juu yake. Anayekuja kukagua ataikuta chini ya mpya, na maelezo yenye jina langu na la Meneja. Mimi sifichi hesabu, nafunika mtu tu.

Lakini nilipoitoa ukutani niliiinamisha dirishani ili nizinakili namba vizuri. Na pale mwisho wa kulia, kati ya Kanisani na Darajani, kuna nukta. Ndogo. Ya penseli ngumu.

Uliona, Mzee? Uliona ukiwa kitandani, ukaiweka, ukingoja upate nguvu za kutoka nje ujiite mwenyewe? Au iliwekwa baadaye? Sijui, na nimeamua kutoichunguza. Kilichonivunja ni kufikiri kwamba ulilala pale ukingoja mtu akuite, na hakuna aliyekuja.

Nimekuja sasa. Saisere, kwaheri, Mzee wangu. Nakuahidi nitawaita wote, wenye kosa na wasio nalo, hata siku za jua, mpaka waseme Nyaboke amezeeka. Kwenye shiti mpya, kati ya saba na nane, majina yamekaa sawa pande zote mbili. Nimeweka nukta hapo hata hivyo.

Leo hakuna kosa. Ni mvua tu.

Wako,
Nyaboke