Maneno Niliyomtuma Kisa

Ipyana, 9 Machi 2024

Mama yangu mpendwa,

Ndaga sana, nakusalimu kwa lugha yetu. Hujambo huko Ikombe? Mgongo unakuruhusu kufinyanga? Sisi tu wazima, ila kikohozi cha mjukuu wako Kisa ndio kwanza kimetulia.

Nina habari ya kukuchekesha. Nyumba yangu ilikuwa inavuja, kitanda nimehamisha mara tatu. Mume wangu Emanueli yuko Tunduma, kazi hazimwachii nafasi. Mwenye kuezeka ni baba mkwe, na unajua kwa mila yetu siongei naye, jina lake hata kwenye karatasi siliandiki. Akipita naingia migombani mpaka apotee. Sasa nitamwambiaje?

Ila Kisa ni mjukuu. Babu anamwita "mke wangu", naye anamvuta ndevu, babu hana neno. Basi nikamfundisha. Akaenda akasimama mbele ya babu na wazee wenzake: "Mume wangu, mvua inalala na mke wako, na wewe upo tu!" Mama, walicheka! Juzi mabati yameletwa.

Miaka minne hapa, ndiyo mara ya kwanza nimeongea na yule mzee. Naona nitaweza kuishi na wakwe vizuri.

Mwanao,
Tulinagwe

Ikombe, 30 Machi 2024

Mwanangu Tulinagwe,

Salamu nyingi. Mgongo ni ule ule. Mdogo wako Keziya kanisomea barua yako tukipanga vyungu mtumbwini, tumecheka wote.

Lakini tosheka na mabati. Utani ule ni wa Kisa, si wako. Mtoto anatania alichokiona kwa macho yake. Mzee alikubali kwa sababu nyumba kuvuja kila mtu anaona. Usimtume tena.

Mama yako

Ipyana, 21 Aprili 2024

Mama,

Nakusalimu, sijui hata nianzeje. Barua yako imenikuta nimeshaharibu.

Mama mkwe aliwahi kunisimulia tukitwanga mpunga, kwamba mke wa kwanza wa mzee alimchapa mwiko, mzee akaenda kulala zizini na ng'ombe. Nilicheka siku nzima. Nikaona nimpe Kisa, mzee afurahi, labda aturuhusu tumfuate Emanueli. Jumapili wageni wa kanisani wamekaa, Kisa akasema: "Mume wangu, ukiniudhi nakuchapa mwiko, ukalale na ng'ombe kama kwa yule wa kwanza!"

Wageni walicheka. Mzee alicheka kidogo, akamgeukia mtoto.

"Mke wangu, hili umelionea wapi? Yule alikufa baba yako hajazaliwa."

Kisa akaonyesha jikoni. "Mama kanifundisha."

Nilikuwa nyuma ya mlango na sinia la wali. Nikamsikia mzee anasema, "Kumbe siku zote nataniwa na mkwe."

Hakunipiga, wala hakunifukuza. Amesema tu Kisa alale kwake, maneno yangu yasimfikie. Kiti chake kiko mlangoni pale kuanzia asubuhi. Mimi kufika alipokaa siwezi. Mama, ni hatua ishirini. Namsikia mwanangu akikohoa.

Emanueli kwenye simu anasema baba ni baba, nisubiri.

Mwanao,
Tulinagwe

Ikombe, 5 Mei 2024

Mwanangu,

Pole, pole sana. Ningekuja, lakini na mimi kwa mzee ni mkwe, tutaishia kuheshimiana tu. Mtafute Yakobo wa Katumba Songwe, mtoto wa shangazi yake. Yule ni mtani wake, anaweza kumtukana usoni na hakuna wa kukasirika. Kula, usikonde.

Mama yako

Ipyana, 2 Juni 2024

Mama yangu,

Ndaga. Mimi mzima wa mwili.

Yakobo alikuja, watu wamejaa wanaanika kakao. Akaanza hajafika hata uani: "Wewe kizee mwizi wa watoto! Unamwogopa mwanamke asiyeruhusiwa hata kukutazama? Au na wewe unataka kubebwa mgongoni?"

Watu waliangua kicheko. Mzee alicheka kuliko wote, mpaka akafuta machozi. "Kaa chini, mla kuku za watu!" Akamchinjia jogoo.

Wamemaliza kula, Yakobo akasema taratibu, "Ndugu yangu, sasa kweli, mrudishie mkwe mtoto wake."

Mzee akamtazama. "Si ulikuwa unatania?"

Akacheka tena, na Yakobo ikabidi acheke. Mama, nimeelewa siku ile. Mtani anaambiwa sema lolote kwa sababu hakuna atakayelifanya.

Jana narudi na maji nikawaona mzee na Kisa wanakuja, mtoto kashikwa mkono. Nikaingia migombani. Kisa aliniona. Akasema, "Mume wangu, tazama, mbuzi wa nani yule anakula migomba yetu?" Mzee akacheka sana, akambeba.

Neno hilo hakufundishwa na mtu. Aliliona kwa macho yake.

Na lilikuwa linachekesha, Mama. Nilijiziba mdomo na kanga nikacheka, wasinisikie.

Mwanao,
Tulinagwe