Shamba la Mutambala na Picha ya Bienfait

Nyamitanga, Mbarara
Tarehe 11 Desemba 2024

Mpendwa yaya Mariette, dada yangu mkubwa,

Pokea salamu zangu za Noeli na za Bonane, mwaka mpya, kabla hazijafika siku zenyewe, maana barua hii ina njia ndefu. Hali yako? Mama mgongo unaendeleaje, na ile dawa ya kupaka ilimsaidia? Watoto wote wazima? Mimi ni mzima. Kikohozi cha mwezi wa Oktoba kimeisha, nala, nalala, na kazi bado ninayo.

Ndagala mlizotuma, dagaa wa ziwa letu, nilizipata, kavu vizuri, bila mchanga. Nilizipika na sombe ya majani ya muhogo, nikala peke yangu mlango umefungwa kwa sababu sikutaka mtu anisemeshe. Asante, yaya. Na asante ya zamani pia, kwa vile vitenge vyako ulivyouza ili nipate nauli ya kuja huku. Sijavisahau.

Barua hii inaletwa na Mama Godeberthe, yule Mrundi mfanyabiashara aliyenifikishia ndagala. Anavukia mpaka wa Kikagate, anapita Tanzania hadi Kigoma, halafu anapanda boti ya kuja huko kwetu Baraka. Sikutuma sauti kwa simu kwa sababu simu ya nyumbani ni ya mwanao Bienvenu, na sauti zangu zinafunguliwa uani mbele ya kila mtu. Haya nataka uyasome wewe kwanza, kisha umsomee mama.

Uliniambia mmeona picha ya Bonane ya Bienfait wa jirani yetu. Bienfait amevaa koti, amekaa kwenye sofa na mke na mtoto, meza imejaa vyakula, friji iko wazi nyuma yao. Ukasema Bienvenu hataki tena kulima, anataka kuja kufanya kazi na Bienfait, na kwamba mzee Kayumba yuko tayari kununua shamba letu la huko Mutambala, ila anangoja kusikia neno langu kabla ya Bonane. Ukauliza pia kwa nini mimi situmi picha.

Siku ile ya picha nilikuwepo, kwa hiyo nitakueleza nilichoona.

Kule Nakivale, kambi ya wakimbizi anakoishi Bienfait, kuanzia mwisho wa Novemba, kila mtu mwenye ndugu mbali anatuma picha ya Bonane. Asiyetuma, nyumbani wanasema amekufa au ameharibika. Pale Base Camp, fasi ya soko, kuna Mrundi anaitwa Venuste mwenye chumba cha kupigia picha. Sofa ni yake. Koti ni moja, wanaume wote wanalivaa, na kola yake imekuwa ya njano kwa jasho la shingo za watu. Friji imekufa miaka mingi. Ndani ameweka tochi ili ing'ae, na chupa za soda amezijaza maji ya rangi.

Kuku wa mezani ni kuku kweli. Alichomwa Jumapili, nasi tulifika Alhamisi. Venuste anampaka mafuta ya kula kila asubuhi ili ang'ae, na anapulizia marashi chumba kizima. Mimi kazi yangu ni kuosha madebe ya maziwa, harufu ya kitu kilichooza naijua hata kikifunikwa. Nilisimama mlangoni. Nzi walikuwa wanafukuzwa kwa gazeti kabla ya kila picha.

Foleni ilikuwa ndefu. Mama mmoja wa Fizi alikuwa anapokezana viatu na dada yake. Wote wanacheka. Venuste naye anapiga kelele, "Tajiri anayefuata! Tajiri aingie!"

Zamu ya Bienfait ilipofika, binti yake Nathalie, ana miaka minne, akanyoosha mkono akashika paja la kuku. Venuste akampiga kofi mkononi.

"Acha! Huyo si wa kula, ni wa picha!"

Mtoto akalia. Mama yake akampangusa machozi na kamasi, wakangoja uso ukauke, ndipo wakapiga. Itazame tena picha, yaya. Mkono mmoja wa Nathalie umefichwa chini ya kitambaa cha meza. Mama yake ndiye aliyeushikilia pale.

Tulipotoka nilimuuliza Bienfait kama haoni aibu. Akacheka.

"Kaka Adolphe, weye unataka nitume picha ya mgongo wangu? Mama yangu atakula nini Bonane, mgongo?"

"Bienvenu anataka kuuza shamba kwa sababu yako. Mpigie umwambie ukweli."

"Nimwambie nini? Mimi sikumuita. Na nikisema, kesho Baraka nzima banasema Bienfait ameshindwa. Mwambie weye, ni mtoto ya dada yako."

Basi namwambia. Bienfait anabeba mikungu ya ndizi mgongoni kule Kaberebere, kutoka shambani bondeni hadi barabarani, na analipwa kwa mkungu. Lori lisipokuja, siku imepotea. Posho ya chakula ya familia yake imepunguzwa. Kipande cha ardhi alichopewa kambini hakifiki nusu ya shamba la Mutambala, na hana hati ya kukiuza wala ya kumwachia mtoto. Hana kazi ya kumpa Bienvenu. Hana hata sofa.

Mimi msinihofie. Bosi wangu, Mama Mbabazi, ana maneno makali lakini analipa kwa wakati. Akiona debe lina utando anasema, "Wewe Adolphe, hii ndiyo kuosha? Rudia!" nami narudia, kwa maji ya moto na magadi. Mikono imechubuka lakini haiumi. Nina chumba changu, mlango unafungwa, Jumapili naenda misa hapa Nyamitanga. Hayo ndiyo maisha yangu. Si mabaya, na si yale ya kuuzia shamba.

Nawatamani. Noeli ya huku watu wanakula nyama sana, na mimi nawaza sauti ya mama akigombana na moto wa kuni mbichi. Hilo siwezi kulipiga picha.

Neno langu kwa mzee Kayumba ni hapana. Mpelekee mwenyewe, kwa heshima, umwambie ni mimi niliyekataa, ili hasira ya Bienvenu inijie mimi na siyo wewe. Na Bienvenu mwambie hivi: mvua ikiisha, mihogo ikishapandwa, aje anitembelee majuma mawili. Nauli nitampa mimi. Atalala kwangu, nitampeleka Kaberebere abebe mikungu na Bienfait siku moja, halafu Base Camp akakae foleni ya maji. Akitaka kubaki baada ya hapo, atabaki akijua, na shamba litakuwa bado la kwetu.

Nisalimie mama, umshike mkono kwa niaba yangu. Msalimie shemeji, Annonciata na watoto wake, na mama yake Bienfait. Yeye usimwambie kitu; picha ile ndiyo Bonane yake.

Mungu awalinde njiani na nyumbani, awape mwaka wa kushiba.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye, ninayengoja kusikia kwamba mmelima,

Adolphe